Basi lililoharibika Migyera: je, mteja aliyekosewa huwa mwaminifu zaidi?

*"Habari Mwalimu. Niko mwaka wa tatu hapa Kampala na naandika insha ya masoko ya huduma. Nimeandika kwamba kampuni ikikosea kisha ikashughulikia malalamiko vizuri, mteja anakuwa mwaminifu kuliko yule ambaye hakukosewa kabisa. Mhadhiri amezungushia sentensi hiyo kalamu nyekundu na kuandika 'una hakika?' Mfano wangu ni kampuni ya mabasi ya Kampala hadi Arua ambako nilifanya mafunzo ya kazi. Nimekosea wapi, na hoja yangu nitaijengaje isimame?"*

Mhadhiri wako hajakuonea. Sentensi yako ina ukweli ndani yake, ila umeibebesha mzigo kuliko inavyoweza. Jambo unalolieleza lina jina tangu 1992, McCollough na Bharadwaj walipoliita, kwa Kiswahili changu, kweli kinzani ya marekebisho ya huduma: mteja anakosewa, anarekebishiwa kwa namna ambayo hakuitarajia, na mwisho wa yote anaridhika kuliko mwenzake ambaye safari yake ilikwenda bila tatizo lolote. Mameneja wanalipenda wazo hili kwa sababu linageuza aibu kuwa fursa, na wanafunzi wanalipenda kwa sababu linashangaza. Shida iko kwenye neno moja tu ulilolitumia, nalo ni "mwaminifu".

Mwaka 2007 de Matos na wenzake wawili walikusanya tafiti zilizokuwa zimefanywa juu ya jambo hili na kuzipima kwa pamoja. Walichokuta ni kwamba kuridhika kwa mteja kweli kunapanda baada ya marekebisho mazuri, kama kweli kinzani inavyodai. Lakini walipoangalia nia ya kununua tena, kuisifia kampuni kwa wengine, na sura ya kampuni machoni pa mteja, hawakuona ongezeko hilo. Kwa hiyo mtu anaweza kuondoka dirishani kwako ametabasamu, amekushukuru kwa dhati, na wiki ijayo akakata tiketi kwa jirani yako.

Mimi mwenyewe ni shahidi. Miaka kadhaa iliyopita nilifika usiku katika hoteli moja Mbarara, nimeweka nafasi wiki nzima kabla, nikaambiwa jina langu halimo kitabuni. Meneja alishuka mwenyewe kutoka chumbani kwake, akaomba radhi bila kumlaumu mtu wa mapokezi, akanipa chumba kikubwa kwa bei ya kile kidogo, na chakula cha usiku akakataa nisilipe. Nimekisimulia kisa hicho darasani mara nyingi kama mfano wa kazi nzuri. Tangu siku hiyo nimerudi Mbarara si chini ya mara tano, na mara zote nimelala kwingine. Meneja sina kinyongo naye hata kidogo. Ila kila ninaposhika simu kuweka nafasi, kichwani linakuja jambo moja: hawa ni watu wanaopoteza majina. Ukarimu ulinifundisha kwamba meneja ni mtu mwema, na kosa likanifundisha kwamba kitabu chao hakiaminiki. Nikiwa nasafiri usiku, kitabu ndicho ninachokihitaji.

Hapo ndipo insha yako inapaswa kuanzia. Kosa linampa mteja habari mbili kwa wakati mmoja, moja kuhusu mioyo ya watu wa kampuni na nyingine kuhusu uwezo wa mfumo wao. Marekebisho mazuri yanaweza kuisafisha ile ya kwanza kabisa, hata kuiacha bora kuliko mwanzo. Ile ya pili hayaifikii kwa urahisi.

Sasa tuchukue basi lako. Nitaweka namba zangu kwa ajili ya mfano, wewe utaweka za kampuni yako. Basi linaondoka Kampala saa mbili na nusu usiku likiwa na abiria 60, nauli shilingi 60,000, na linatarajiwa Arua saa kumi na moja alfajiri. Saa tano usiku, limepita Nakasongola na kufika Migyera, taa zinafifia na injini inazima. Mkanda wa alteneta umekatika na alteneta yenyewe imekwama. Nje ni giza, ndani kuna watoto, na chini kwenye buti kuna marobota kutoka maduka ya jumla ya Kikuubo, Kampala, ambayo wenyewe wanayataka Arua asubuhi.

Nitakusimulia usiku huo mara mbili. Katika usiku wa kwanza dereva na taniboi wanafungua boneti na kuhangaika. Konda anasimama nje na simu sikioni. Abiria akiuliza, jibu ni "dakika kumi tu". Dakika kumi zinakuwa saa mbili. Ofisi ya Kampala inaamua kutuma basi jingine saa saba, linaondoka saa nane, linafika Migyera saa kumi na nusu, na abiria wanateremka Arua karibu saa tano asubuhi. Dirishani wanaambiwa tiketi imeandikwa kwamba kampuni haihusiki na ucheleweshaji.

Katika usiku wa pili kampuni ina kanuni ndogo iliyobandikwa karibu na usukani: hitilafu isipopata ufumbuzi ndani ya nusu saa, basi la akiba linaondoka, hakuna kujadiliana. Ilipofika saa tano na nusu konda amekwishawaambia abiria, kwa Kiswahili kisha kwa Kilugbara, kwamba alteneta imekufa, haitengenezeki hapa, na basi jingine linatoka Kampala saa sita. Anawaambia pia kwamba hawatafika kabla ya saa tatu asubuhi, ili kila mmoja ampigie anayemsubiri. Basi la akiba linafika Migyera saa nane na nusu, na saa tatu wako Arua. Njiani, kila palipo na jambo jipya, konda analisema. Palipokosekana jipya anasema hivyohivyo, kwamba hakuna jipya, dereva wa basi la pili amepita Luweero.

Ukihesabu saa peke yake, tofauti ni saa mbili. Safari zote mbili zimeharibika, na mwenye robota lake amechelewa soko katika zote mbili. Lakini hasira ya abiria wa kwanza na ya wa pili hazifanani hata kidogo, na nadharia ya haki ndiyo inayoeleza kwa nini. Tax, Brown na Chandrashekaran, katika utafiti wao wa 1998, walionyesha kwamba mlalamikaji anapima mambo matatu. Anapima alichopata mwishoni, yaani fidia au suluhisho. Anapima utaratibu uliotumika: ulikuwa wa haraka, ulimsikiliza, au ulimzungusha kutoka dirisha moja hadi jingine? Tena anapima jinsi alivyotendewa na mtu aliyekuwa mbele yake, kama aliambiwa ukweli, kama aliombwa radhi, kama alionekana kuwa mtu. Konda wa usiku wa pili hajatoa hata shilingi moja, na tayari amelipa sehemu kubwa ya mizani mbili kati ya hizo tatu. Konda wa kwanza, kwa ile "dakika kumi tu" yake, ameongeza kosa juu ya kosa. Abiria angesamehe alteneta, ila uongo wa dakika kumi unaorudiwa mara kumi na mbili hausameheki kirahisi.

Hiki cha kosa juu ya kosa kipe nafasi ya kutosha katika insha, maana kina ushahidi imara. Bitner na wenzake walipokusanya visa vya wateja wa hoteli, migahawa na mashirika ya ndege mwaka 1990, waliona kwamba sehemu kubwa ya visa vibaya havikuwa vibaya kwa sababu ya hitilafu ya mwanzo. Vilikuwa vibaya kwa sababu ya namna mfanyakazi alivyoijibu. Ukitaka kujua kampuni inapoteza wateja wapi, usiulize mabasi mangapi yaliharibika. Uliza abiria waliambiwa nini, na saa ngapi.

Kuna jambo jingine ambalo wanafunzi wengi hulipita: abiria hutafuta mwenye kosa kabla ya kukasirika. Mwishoni mwa 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kwa ukarabati, mabasi ya Arua yalizunguka njia nyingine na safari ikawa ndefu. Ucheleweshaji huo ulikuwa mkubwa kuliko wa alteneta yangu ya Migyera, na ulirudiwa kwa wiki nyingi, lakini mtu akijua daraja limefungwa na Serikali hana sababu ya kumshika konda shati. Sababu iko nje ya kampuni na kampuni haikuweza kuizuia. Alteneta ni habari tofauti, kwa kuwa abiria anajua gari hukaguliwa kabla ya kuondoka. Anachojiuliza ni kama hili ni ajali ya mara moja au ndiyo tabia ya kampuni hii. Akiamua ni tabia, hakuna soda wala pole itakayomrudisha. Ndiyo maana maelezo ya konda yanatakiwa yawe ya kweli na mahususi. "Alteneta imekwama, ilibadilishwa mwezi wa tatu" inasikika kama ajali. "Magari ndivyo yalivyo" inasikika kama tabia.

Na ikitokea tena? Maxham na Netemeyer walifuatilia wateja waliokosewa mara moja na waliokosewa mara mbili, na kuchapisha matokeo mwaka 2002. Baada ya kosa la kwanza lililorekebishwa vizuri, kweli kinzani ilionekana. Baada ya kosa la pili haikuonekana, hata pale marekebisho ya pili yalipokuwa mazuri. Nadhani kila msafiri wa Arua anaijua sheria hii bila kusoma jarida lolote. Mara ya kwanza ni bahati mbaya, na mara ya pili mtu anaanza kuwauliza wenzake wanasafiri na basi gani.

Sasa tuingie kwenye fidia, ambako insha nyingi huteleza kwa kuandika "kampuni itoe fidia ya kutosha" na kuishia hapo. Kutosha kwa nani? Mwaka 1999 Smith, Bolton na Wagner walichunguza wateja wa migahawa na hoteli, wakaona kwamba marekebisho huwa na nguvu yanapolingana na aina ya hasara. Aliyepoteza kitu cha kuhesabika hutulizwa zaidi na kitu cha kuhesabika, na aliyetendewa vibaya hutulizwa zaidi na radhi ya kweli. Ndani ya basi lako kuna watu 60 na hasara zao si moja. Mwanafunzi anayerudi likizo amepoteza usingizi, basi. Mama anayempeleka mtoto hospitali amepoteza zamu yake ya daktari. Mfanyabiashara anayeunganisha kwenda Ariwara, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, amekosa gari lake la asubuhi na anamlipa mbebaji anayesubiri bure. Ukimpa kila mmoja shilingi 30,000, mwanafunzi atafurahi sana, mama hatazikumbuka, na mfanyabiashara ataziona kama dharau. Huyu wa mwisho angefaidika zaidi kama mtu wa ofisi ya Arua angempigia saa kumi na mbili asubuhi amuulize anaunganisha wapi, kisha amtafutie gari na alipie.

Tufanye hesabu ndogo, kwa sababu meneja atakuuliza. Kurudisha nusu nauli kwa abiria wote 60 ni shilingi 1,800,000. Tuseme 20 kati yao ni wafanyabiashara wanaokwenda Kampala na kurudi mara mbili kwa mwezi, yaani safari 48 kwa mwaka kila mmoja. Usihesabu nauli yote kama hasara ya kumpoteza mtu huyo. Hesabu kinachobaki baada ya mafuta, mishahara na matengenezo, tuseme shilingi 10,000 kwa kiti. Mfanyabiashara mmoja basi ana thamani ya shilingi 480,000 kwa mwaka. Gawanya 1,800,000 kwa 480,000 upate 3.75. Maana yake nusu nauli ile inajilipa ndani ya mwaka iwapo tu itazuia wafanyabiashara wanne kuhama ambao bila fidia wangehama. Ikizuia wawili, kampuni imetoa zaidi ya ilivyookoa.

Hesabu hii ina mtego mmoja ninaotaka uuone. Inachukulia kwamba kiti cha aliyehama kinapoteza shilingi 10,000 zilezile mwaka mzima. Wiki ya Krismasi mabasi ya kwenda Arua hujaa mpaka watu wanagombania nafasi, na aliyehama nafasi yake inachukuliwa palepale. Mwezi wa pili, viti vikiwa wazi, kinachopotea ni karibu nauli nzima, kwa sababu basi litachoma mafuta yaleyale awepo asiwepo. Kwa hiyo thamani ya kumtuliza mlalamikaji haifanani mwaka mzima. Sisemi kampuni iwadharau watu Desemba, kwa kuwa mtu aliyedharauliwa Desemba ana kumbukumbu mwezi wa pili. Nasema tu ukitoa namba moja ya "thamani ya mteja" katika insha, mhadhiri huyohuyo atatoa kalamu yake tena.

Linganisha na gharama ya yale mengine. Chai na chapati kwa watu 60 pale Migyera, shilingi 3,000 kila mmoja, ni 180,000. Maneno ya konda hayana gharama. Kanuni ya nusu saa inagharimu basi la akiba kukaa tayari, na hiyo ni gharama kubwa, lakini ni kampuni inayoibeba kila usiku, si mlalamikaji mmoja. Ningekuwa meneja ningetumia fedha kwa mpangilio huo: kwanza ukweli wa mapema, kisha uamuzi wa haraka, kisha chai, kisha simu kwa wale wenye hasara maalumu, na nusu nauli kwa wote ingekuwa ya mwisho. Lakini ningempa konda mamlaka ya kutumia hadi shilingi 300,000 njiani bila kupiga simu Kampala. Konda anayelazimika kuomba ruhusa ya kununua chai saa sita usiku, wakati bosi amelala, hana alichopewa cha kurekebisha.

Kuna fidia moja nyingine ambayo makampuni huipenda: kuponi ya nusu bei kwa safari ijayo. Kwa kampuni ni nafuu kuliko fedha taslimu, kwani wengi hawataitumia. Kwa mwanafunzi anayesafiri mara mbili kwa mwaka ni karatasi tu. Kwa mfanyabiashara ni kitu cha maana. Kwako wewe mtafiti ni tatizo, kwa sababu abiria aliyerudi mara moja akiwa na kuponi mkononi ataonekana mwaminifu katika takwimu zako, kumbe amefuata shilingi 30,000 zake. Safari ya kuponi usiihesabu. Angalia kama kuna safari nyingine baada yake aliyoilipia mwenyewe kwa bei kamili.

Hapo tumefika kwenye sehemu ambayo naamini itakupatia alama zaidi, nayo ni ushahidi wako mwenyewe. Umesema ulifanya mafunzo pale. Hukuniambia ulitumia ushahidi gani, ila nakisia ulichokuwa nacho ni kitabu cha malalamiko, na ukaona kwamba walioandika humo waliendelea kusafiri na kampuni kuliko watu wengine. Inaonekana kama uthibitisho kwamba kushughulikia malalamiko kunazaa uaminifu, ila mshale unaweza kuwa umeelekea upande wa pili. Tangu Albert Hirschman aliposhughulika na swali hili mwaka 1970 tunajua kwamba asiyejali huondoka kimya, na anayepaza sauti mara nyingi ni yule aliyekwishajiona wa nyumbani. Mfanyabiashara wa safari 48 ataandika kitabuni kwa sababu anajua atapanda tena wiki ijayo. Aliyepanda mara moja hawezi kupoteza muda wake kutafuta kitabu. Kwa hiyo uaminifu ndio uliozaa malalamiko, na wewe ukaona malalamiko ndiyo yaliyozaa uaminifu.

Kitabu chenyewe kinachuja watu kwa njia nyingine pia. Nimewahi kuona fomu za malalamiko zilizochapwa kwa Kiingereza peke yake, zikawekwa stendi ambako biashara nzima inaendeshwa kwa Kiswahili na Kilugbara. Anayejaza fomu hiyo ni mtumishi wa ofisi au mwanafunzi. Mama wa marobota analalamika kwa mdomo, kwa konda, na lalamiko lake linaishia kwenye sikio la konda ambaye hana sababu yoyote ya kulifikisha kwa meneja wake. Kisha analirudia kamili, na chumvi kidogo, kwenye kundi la Watsapu la wafanyabiashara wenzake. Kampuni ikisema "mwezi huu tumepata malalamiko matatu", inasema idadi ya watu waliofaulu kuifikia, basi.

Njia nzuri zaidi ipo na haina gharama. Kampuni nyingi za mabasi huandika jina na simu ya abiria wakati wa kukata tiketi. Omba orodha ya abiria wa basi lililoharibika na orodha ya basi jingine la kampuni hiyohiyo, njia ileile, wiki ileile, lililofika salama. Hesabu ni simu ngapi katika kila orodha zinazoonekana tena ndani ya siku 90, ukitoa safari za kuponi. Hapo unalinganisha waliokosewa na wasiokosewa, bila kujali nani alilalamika, na hiyo ndiyo hoja ya sentensi yako hasa. Watu 60 ni wachache: wakirudi 24 kwenye orodha moja na 27 kwenye nyingine, usiandike lolote, huenda ni bahati tu. Kusanya hitilafu zote za mwaka mmoja ndipo uanze kusema. Zigawe pia kwa namna zilivyoshughulikiwa, maana konda watakuwa tofauti usiku mmoja na mwingine hata kama kanuni ni moja. Kumbuka simu hizo ni taarifa za watu na Uganda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, kwa hiyo mwombe meneja akupe orodha ambayo kila simu imegeuzwa kuwa namba ya siri kabla haijakufikia.

Angalizo moja juu ya njia hii: iepuke pale ambapo kampuni ni moja tu barabarani. Abiria wa kijiji chenye basi moja kwa siku atarudi hata akitukanwa, na ukiuita huo uaminifu utakuwa umemsingizia. Njia ya Arua ina makampuni kadhaa yanayogombania abiria, na hilo linakufaa.

Kuhusu sentensi yenyewe, ningeiandika hivi: "Marekebisho mazuri ya kosa la kwanza yanaweza kumfanya mteja aridhike kuliko asiyekosewa, hasa kosa likiwa dogo na sababu yake ikiwa ya nadra, lakini mchango wake mkubwa katika uaminifu ni kuwazuia wanaotaka kuondoka, na mchango huo hudhoofika kosa likijirudia." Ni ndefu na haishangazi kama ile ya kwanza. Mbele yake weka usiku wako wa Migyera, au wowote ulioushuhudia, ukiusimulia kwa saa na dakika, na baada yake jedwali la siku 90. Ukiwahi kupata orodha za mwaka mzima kabla ya kuwasilisha, niandikie tena tuone namba zinasema nini. Ukizikosa, weka mpango wa kuzikusanya kwenye sehemu ya mipaka ya utafiti, na ueleze kwa nini kitabu cha malalamiko hukukitumia.